Maneno ya Kufungua Warsha ya Utunzaji wa Daftari za Kikundi

Ndugu washiriki, habari za asubuhi, na karibuni katika warsha yetu ya siku moja kuhusu utunzaji wa daftari za fedha za kikundi. Hakuna atakayeitwa kusimama mbele, kwani wengi wetu hufikiri vizuri zaidi tunapoachiwa nafasi. Mezani pako pana kadi na kalamu: tafadhali andika, bila jina, jambo moja linalokutatiza unapoingiza mapato na matumizi, kisha umsomee jirani yako kwa sauti ya chini, au umpe tu aisome mwenyewe. Baada ya dakika 5 nitazikusanya kadi zote, nizichanganye na kuzisoma mimi, na tutaanza na tatizo litakalojirudia zaidi.