Wasifu wa Mwalimu Athumani kwa ratiba ya mahafali

Mwalimu, shikamoo.

Zile karatasi tatu ulizompa kijana wa bodaboda zimenifikia salama, hata hazikukunjamana. Nimezichapa neno kwa neno, na nakala nitakuletea iwe ya familia. Shida ni ratiba. Ni karatasi moja ya A4 iliyokunjwa katikati. Mtiririko wa shughuli unakula ukurasa mzima, majina ya wahitimu 61 yanakula mwingine, na mgeni rasmi amebakiziwa kipande cha maneno mia hivi. Basi nimekata, na mkono ulikuwa mzito, maana ni wewe uliyetufundisha ufupisho darasa la sita.

Hivi ndivyo ulivyoandika:

"Nilizaliwa mwaka 1958 huko Mlalo, Wilaya ya Lushoto, mtoto wa nne kati ya tisa. Baba alikuwa mkulima wa kahawa na maharage. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1974. Darasa letu zima walichaguliwa wawili kwenda sekondari, mimi sikuwamo. Novemba ya mwaka huohuo likapitishwa Azimio la Musoma, kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi. Watoto walikuwepo, walimu hawakuwepo. Tukachukuliwa sisi wa darasa la saba. Mwaka 1976 nikaanza: sehemu moja ya siku nafundisha darasa la kwanza, sehemu nyingine nakaa kituoni nafundishwa ualimu. Miaka mitatu hivyo, ndipo nikapata cheti cha Daraja la Tatu C. Watu walitucheka, 'walimu wa UPE hao'. Sina aibu kusema kwamba mwanafunzi mkubwa kuliko wote pale shuleni nilimzidi miaka minne tu.

Mwaka 1978 darasa langu lilikuwa na watoto 94 na madawati 6. Waliokosa nafasi walikaa nje chini ya mparachichi, wakaandika herufi kwa kijiti kwenye ule udongo wetu mwekundu. Mvua ikinyesha, somo limefutika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kitu kiliadimika: daftari, chaki, hata sabuni ya kufulia shati la kuingilia darasani. Ubao ulipofifia tulipasua betri kuukuu za redio, tukaponda ule weusi wa ndani pamoja na majani ya maboga, tukaupaka upya Ijumaa jioni ili Jumatatu uwe umekauka. Chaki moja niliikata kwa wembe vipande vitatu.

Nilijiendeleza kwa Elimu kwa Njia ya Posta, nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea mwaka 1988, kisha nikaenda Chuo cha Ualimu Korogwe na kutoka na Daraja la Tatu A mwaka 1992. Nimefundisha shule saba: tano za Lushoto, moja Korogwe, moja Handeni. Ualimu mkuu nimeushika mara mbili. Mwaka 2002, ada imeshafutwa na MMEM imeanza, watoto walikuja wengi mno. Wananchi wakajenga madarasa mawili, na mimi mwenyewe nilibeba mawe. Kupandishwa daraja kulikawia miaka tisa, na malimbikizo yangu sehemu sijayaona hadi leo. Naliandika hili kwa sababu ni kweli.

Kati ya niliowafundisha yupo daktari, yupo diwani, wapo askari, wapo walimu kumi na watatu. Nilikuwa na desturi: mtoto akikosa siku tatu, jioni nachukua daftari la mahudhurio naenda kwao. Siendi kugomba. Nakaa, nakunywa chai nikipewa, nauliza. Mara nyingi jibu lilikuwa sare, au mgonjwa ndani ya nyumba, au mbuzi hawana mchungaji. Nilistaafu mwaka 2018 baada ya miaka 42 kazini. Nina mke, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja na shamba la migomba."

Sasa nikwambie nilichotoa, usije ukashtuka siku yenyewe. Zile shule saba zimekwenda zote, vyeti vimebaki kwa nusu sentensi. Daktari na diwani nimewatoa pia. Kaka yangu fundi pikipiki atakuwa amekaa pale mstari wa tatu, na yeye ulimfundisha. Akisoma "daktari na diwani" atajiona hakuhesabiwa.

Malimbikizo nimeyatoa shingo upande. Meza kuu itakuwa na watu wa halmashauri, na mwenyekiti wetu angenirudishia karatasi kabla haijafika kwa mchapaji. Ila kipaza sauti utashika wewe, dakika kumi na tano zote ni zako, na sioni wa kukukata.

Betri na majani ya maboga yaliniuma kuyaacha. Mkono mmoja ulikuwa unaandika, mwingine unahesabu maneno, hayakuenea. Tafadhali wasimulie watoto kwa mdomo. Hawa wa leo wataona ni hadithi ya sungura.

Lakini daftari la mahudhurio sikuweza kuligusa. Mwaka 1996 ulikuja kwetu na lile daftari la jalada la buluu ukalikuta jina langu lina misalaba minne. Mama alikuwa amenituma Soni kuuza maharage. Ulikaa kwenye kigoda pale mlangoni mpaka nikarudi na beseni kichwani, na neno ulilosema lilikuwa moja tu: "Kesho." Mama hakunituma tena siku ya shule.

Itakavyochapishwa ni hivi:

MGENI RASMI: MWALIMU ATHUMANI

Mwaka 1976, akiwa na miaka 18 na elimu ya darasa la saba, Mwalimu Athumani aliingia darasani kama mmoja wa walimu wa UPE. Darasa lake la mwaka 1978 lilikuwa na watoto 94 na madawati 6. Waliobaki waliandika kwa kijiti chini ya mparachichi. Alijiendeleza kwa posta hadi Chuo cha Ualimu Korogwe, akafundisha miaka 42, na kustaafu mwaka 2018 akiwa mwalimu mkuu wa shule hii. Mtoto akikosa shule siku tatu, Mwalimu alichukua daftari la mahudhurio jioni akaenda kwao, akakaa, akauliza. Wengi wa aliowafuata nyumbani wameketi leo kwenye viti vya wazazi.

Nimehesabu mara mbili, tumo ndani ya kipimo. Mahafali ni Jumamosi tarehe 4 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, na gari la kukufuata litakuwa kwako saa mbili kamili. Karatasi inakwenda stationari Alhamisi asubuhi, kwa hiyo ukiona kosa nipigie Jumatano, hata usiku. Kuna jambo moja nimeamua bila kukuuliza: mwenyekiti alitaka pale juu iandikwe "Mwalimu Mstaafu". Mimi nimeandika "Mwalimu". Kama unataka lile lingine, sema, nitaliongeza.

Mwanao,
Zaina
Katibu, Kamati ya Mahafali