Gripe ya wakati wa baridi: tazama pumzi
(Ujumbe wa redio kwa wakaaji wa Lubumbashi)

[Muziki mfupi, kisha unashuka chini ya sauti]

MTANGAZAJI: Ni saa 12 na nusu za jioni hapa Lubumbashi. Tuko mwezi wa 7, baridi ya alfajiri inauma, vumbi limetanda, na ukipanda busi ya kwenda mjini hukosi mtu wa kukukoholea shingoni. Tumemwalika mama mwuguzi wa kituo kimoja cha afya cha Katuba azungumze nasi kuhusu gripe. Karibu, mama.

MWUGUZI: Asante, baba. Jambo yenu wote mnaosikiliza, wa Kenya, wa Kamalondo, wa Ruashi, wa Kampemba, na ninyi wa Anekse ambao mko mbali na lopitali. Ninyi wa mbali ndio nawaomba msikilize zaidi, kwa sababu safari yenu inataka kuanza mapema.

Gripe wengi mnaijua. Inaanza ghafla. Asubuhi ulikuwa mzima sokoni, jioni homa imepanda, kichwa kinagonga, viungo vyote vinauma, koo linakwaruza, kikohozi kikavu kimeingia. Mafua ya kawaida huja polepole na hukuacha utembee, lakini gripe inakulaza. Hata hivyo, mtu mwenye nguvu zake huanza kupata nafuu baada ya siku 3 hadi 5, na ndani ya wiki moja hivi amesimama. Kikohozi na uchovu vinaweza kubaki wiki 2 au zaidi, hilo peke yake lisikutie hofu. Wengi wenu mtapona nyumbani, kwa kupumzika, kunywa maji, uji na mchuzi, na parasetamoli kwa kipimo kinacholingana na umri.

MTANGAZAJI: Sasa, mama, ni wakati gani nyumbani hapatoshi tena?

MWUGUZI: Wakati pumzi inabadilika. Watu wetu wanashika paji la uso la mtoto, wanasema, “Homa imeshuka, Mungu asifiwe,” halafu wanalala. Mimi nawaomba, baada ya kushika paji la uso, inueni shati la mtoto mtazame kifua.

Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Chukua simu yako, weka saa ya dakika moja. Hesabu kila mara kifua au tumbo linapopanda, dakika nzima, usikate katikati. Mtoto ambaye hajafika miezi 2, ukihesabu 60 au zaidi, anapumua haraka mno. Wa miezi 2 mpaka miezi 11, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 mpaka kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Nitayarudia polepole, mwenye kalamu aandike: 60, 50, 40. Ukipata namba hizo, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama homa imeshuka, hata kama anacheka.

Na kuna jambo huhitaji hata simu ili kuliona. Mtoto anapovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua, pale chini ya mbavu, inazama ndani. Au anakoroma na kutoa sauti ya kugugumia kila pumzi, pua zinapanuka, midomo au ulimi unageuka rangi ya bluu au ya majivu. Hapo usimkande wala usimpake mafuta kifuani. Toka nyumbani.

MTANGAZAJI: Hata usiku?

MWUGUZI: Hata saa 8 za usiku. Najua taksi za usiku ni ghali, na barabara zetu nyingine zinatisha. Ndiyo maana nasema, mkiwa na mgonjwa nyumbani, mwambieni mapema jirani mwenye gari au pikipiki: “Usiku huu tunaweza kukuamsha.” Jirani hakatai akiombwa mchana. Kwa kawaida unaanza na kituo cha afya cha mtaa wako, nao wanakutuma lopitali kubwa wakiona inafaa. Lakini midomo ikiwa ya bluu, au mgonjwa ameanza kupoteza fahamu, nenda moja kwa moja kwenye lopitali iliyo karibu yenye oksijeni, kama Sendwe. Njiani mtoto akae wima kifuani pako, usimfunge kitenge hadi usoni.

Nirudi kwa watoto, maana sijawamaliza. Mtoto anayeshindwa kunywa au kunyonya, huyo ni wa haraka. Anayetapika kila kitu. Aliyepata degedege. Anayelala tu, ukimwamsha hashtuki wala hatafuti titi. Asiyekojoa kwa saa 8. Na mtoto mchanga ambaye hajafika miezi 3, akiwa na homa yoyote, usingoje alama nyingine, homa yenyewe inatosha. Pia mchanga anaweza kuwa mgonjwa sana huku mwili umekuwa baridi. Akiwa baridi na hanyonyi, mpeleke.

MTANGAZAJI: Na sisi wakubwa? Maana akina baba hatupendi kwenda lopitali.

MWUGUZI: [anacheka] Mnakuja mkibebwa. Mkubwa akikosa hewa akiwa amekaa tu, au hawezi kumaliza sentensi bila kutweta, aje. Maumivu ya kifua yasiyoondoka, makohozi yenye damu, kizunguzungu kisichoisha, kuchanganyikiwa, mtu anaanza kuita watoto wake majina yasiyo yao, aje. Asiyekojoa karibu siku nzima, au aliyelegea hawezi kusimama, aje.

Halafu kuna moja ambayo inatudanganya sisi wote. Mtu aliugua, siku ya 4 akapata nafuu, akarudi kazini, akapanga mihogo yake pale sokoni. Siku ya 6 au ya 7 homa inarudi, kali kuliko ya kwanza, na kikohozi kimegeuka. Nyumbani wanasema, “Amejichosha, alianza kazi mapema.” Hapana. Mara nyingi hiyo ni nimonia iliyoingia nyuma ya gripe, wakati mapafu yamedhoofika. Homa iliyoondoka ikarudi haitibiwi na mabaki ya vidonge vya mara ya kwanza. Inataka kusikilizwa kifua.

MTANGAZAJI: Umesema vidonge. Wengine wanapitia kwanza farmasi ya kona.

MWUGUZI: Wanapewa vidonge vya rangi 4 kwenye kikaratasi, na katikati kuna antibiotiki. Gripe inaletwa na virusi, antibiotiki haiiui. Nimonia ya bakteria inaitaka, ndiyo, lakini kwa kipimo kamili na siku kamili, baada ya mtu kupimwa. Vidonge 3 vya amoksisilini vilivyonunuliwa kimoja kimoja havimponyi mtu, vinampotezea siku 2 tu. Na mtoto au kijana mwenye gripe asipewe aspirini kamwe, inaweza kumdhuru ini na ubongo.

Tena huku kwetu homa haina jina usoni. Kila homa ipimwe malaria, ndani ya saa 24, ni tone la damu kidoleni. Mtu anaweza kuwa na gripe na malaria pamoja. Mnakumbuka mwisho wa 2024, ule ugonjwa uliotangazwa Panzi, kule Kwango, si Panzi ya Bukavu? Dunia nzima iliuita wa ajabu. Vipimo vilipotoka, ilikuwa maambukizi ya njia ya hewa, gripe ikiwemo, yamekutana na malaria katika watu waliodhoofishwa na utapiamlo, na wengi wao walikuwa watoto. Hakukuwa na kitu kigeni. Kwa hiyo kipimo cha malaria kikionyesha kwamba ipo, bado tazama kifua. Kikionyesha haipo, usirudi nyumbani na homa yako ukafurahi tu, uliza ni nini basi.

MTANGAZAJI: Kuna watu ambao wasingoje hata alama hizo?

MWUGUZI: Wapo. Mama mjamzito, na yule aliyejifungua ndani ya wiki 2. Wazee kuanzia miaka 65. Watoto wadogo, hasa chini ya miaka 2. Wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, kifua kikuu, wanaoishi na VVU, na watoto wetu wa SS, wenye ugonjwa wa selimundu. Hawa wakipata homa na kikohozi, waje siku ya kwanza au ya pili. Ipo dawa ya kupambana na virusi vya gripe, na inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Daktari ndiye anayeamua kama inafaa na kama inapatikana. Lakini ukija siku ya 5, hata hilo swali halina nafasi kubwa tena.

Na mtoto wa SS mwenye homa na maumivu ya kifua, huyo ni wa dharura, msimsubirishe hata foleni ya kituo. Semeni mlangoni kabisa: “Huyu ni wa SS.”

MTANGAZAJI: Mama, dakika zetu zinaisha. Kuna la mwisho?

MWUGUZI: Mbabula. Kwa baridi hii watu wanaingiza mbabula ya makala chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Ile hewa ya makala haina harufu, na inaua. Ishara zake za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, mwili kulegea, na mtu anafikiri ni gripe. Nyumba nzima ikiamka na kichwa kinachouma, na mbabula ilikuwa ndani, fungueni milango, tokeni wote nje, mje lopitali. Mgonjwa wa kikohozi naye alale mbali na moshi. Afunikwe blanketi, na dirisha liwe wazi kidogo.

Anayekohoa akohoe kwenye kiwiko, anawe mikono kwa sabuni, na asibebe mtoto mchanga wa watu siku hizo, hata kama ni mjukuu wake. Anaambukiza tangu siku moja kabla ya kuugua mpaka siku 5 hadi 7 baadaye. Na akina mama, angalieni kadi za watoto. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zina kinga dhidi ya baadhi ya bakteria wanaoleta nimonia. Kama mtoto aliruka moja, mrudisheni, hatutawagombeza.

MTANGAZAJI: Na asiye na pesa jioni hii?

MWUGUZI: Aje na mgonjwa kwanza. Pumzi tunaihesabu kabla ya kuzungumza juu ya faranga, na kumpima mtu mapema ni bei ndogo kuliko kumlaza wiki nzima. Njooni na kadi ya mtoto, na majina ya dawa zote alizokwisha kumeza, pamoja na zile za mizizi. Msitufiche, hatuulizi ili kuwaaibisha, tunaogopa kuongeza dawa juu ya dawa.

MTANGAZAJI: Asante, mama mwuguzi. Kwa aliyechelewa kuandika: chini ya miezi 2, pumzi 60 kwa dakika. Miezi 2 mpaka 11, pumzi 50. Mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, pumzi 40. Ujumbe huu utarudi hewani kesho saa 1 za asubuhi, kabla ya habari, na tena Jumamosi baada ya matangazo ya vifo.

[Muziki unapanda]