Majibu ya malalamiko yako kuhusu friza: ya kuazima inafika leo, mpya Alhamisi

Nairobi, Jumanne 10 Juni 2025

Mama Achieng,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma wote, na ile sauti uliyotuma baadaye nimeisikiliza mpaka mwisho. Pole sana. Umetoa shilingi 46,500 kununua friza kwetu ili biashara yako ikue, halafu ikaacha kugandisha, ukabaki unatupa samaki huku simu ya duka ikiita bila kushikwa. Una kila sababu ya kukasirika, na sitakuomba upunguze sauti.

Nianze na la haraka. Leo kabla ya saa kumi na mbili jioni, pikapu yetu italeta kibandani kwako Kayole, pale Masimba, friza ya lita 100 ya kuazima. Hulipi chochote. Ni ndogo kuliko yako, lakini inagandisha vizuri; imewashwa hapa dukani tangu jana asubuhi na nimeiangalia mwenyewe. Utakaa nayo hadi yako mpya ifike.

Sasa nikueleze tulichokipata. Jana na leo asubuhi nimekaa na mafundi wote wawili waliokuja kwako, kila mmoja peke yake, nikasoma karatasi zao za kazi.

Fundi wa kwanza alikuja Jumamosi 31 Mei jioni. Aliandika neno moja tu, "umeme", akakutoza 2,500 na kukuambia ununue stabilaiza. Nilimwuliza alipima volti ngapi. Hakupima. Hakuwa na mita siku hiyo. Fundi wa pili, aliyekuja Ijumaa 6 Juni, alipima soketi yako akapata volti 238, na umeme wetu Kenya ni wa volti 240. Kwa hiyo umeme wako ulikuwa sawa kabisa. Isitoshe, ulimwambia fundi wa kwanza kwamba mashine inanguruma mchana kutwa bila kupumzika na barafu imeshika kona moja tu. Hizo ni dalili za gesi iliyopungua: kompresa inazunguka bila kukoma kwa sababu baridi haitoshi. Ulimpa jibu mdomoni, naye hakulishika. Fundi wa pili alipaka povu la sabuni kwenye viungo vya bomba la nyuma, likatoa mapovu kwenye kiungo kimoja. Gesi ilikuwa inavuja hapo.

Kosa ni letu. Hukuharibu kitu.

Kuna jambo moja ambalo sikubaliani nawe, na ni heri nikuambie wazi kuliko nikupake mafuta. Umesema tulikuuzia friza iliyotumika. Nimefuatilia namba yake: iliyo kwenye katoni, iliyo nyuma ya friza na iliyo kwenye risiti yako ni moja, na kwenye vitabu vyetu haijawahi kuuzwa kwa mtu mwingine. Ilikuwa mpya. Lakini mikwaruzo uliyoipiga picha ni ya kweli, na najua ilikotoka. Jumamosi 3 Mei vijana wetu waliilaza ubavu kwenye pikapu ili wabebe mizigo mingi kwa safari moja. Kijana mmoja amenieleza bila kuficha. Friza husafirishwa ikiwa imesimama. Siwezi kuapa kwamba hicho ndicho kilicholegeza kiungo, maana kiungo kibovu kinaweza kutoka kiwandani. Kwako wewe haibadilishi kitu: iwe ni kiwanda au ni pikapu yetu, wewe hukuhusika.

Kuhusu simu zisizoshikwa: Madaraka iliangukia Jumapili, Jumatatu tarehe 2 ikawa sikukuu, na duka lilifungwa siku zote mbili bila mtu wa kushika simu ya waranti. Anayeuzia wafanyabiashara wa samaki friza hafai kuzima simu siku mbili. Kuanzia wiki hii simu hiyo itakuwa na mtu hata Jumapili na sikukuu.

Haya ndiyo tutakayofanya.

Alhamisi 12 Juni, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, tutakuletea friza mpya ya aina ileile na kuchukua mbovu. Nimeagiza ikatolewe stoo leo na iwashwe dukani saa 24 kabla haijaja kwako. Ndiyo sababu si kesho. Itakuja imesimama. Ikifika, usiiwashe mara moja: iache itulie kwa muda wa saa nne, mafuta yarudi kwenye kompresa, na uache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta. Waranti ya mwaka mmoja inaanza upya siku hiyo ya Alhamisi. Na kama umechoka nasi hutaki friza yetu tena, niambie tu. Nitakurudishia 46,500 zote kwa M-Pesa siku hiyohiyo.

Pesa zako nyingine zinaingia leo, kwa namba uliyolipia: 2,500 za fundi, 1,500 za barafu uliyonunua ukijaribu kuokoa mzigo, na 18,400 za bidhaa zilizooza, yaani 13,600 za samaki na 4,800 za kuku, kama zilivyo kwenye risiti zako za Gikomba na picha ulizotuma. Jumla 22,400.

Umedai 60,000 zaidi kwa ajili ya wateja uliowapoteza. Naamini uliwapoteza, lakini kiasi hicho sina namna ya kukihakiki kwa sasa, na sitaki kukuahidi kitu halafu nikuzungushe. Ukiwa na daftari la mauzo ya Mei, nitumie picha za kurasa. Nitalinganisha na siku ulizokosa friza, kuanzia 31 Mei hadi leo, na kukujibu kwa maandishi kabla ya Jumatano 18 Juni, nikikuonyesha hesabu niliyopiga.

Umesema pia utatupeleka kwa Mamlaka ya Ushindani. Hiyo ni haki yako. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Kupokea pesa za leo au friza ya Alhamisi hakukufungii mlango wowote kati ya hiyo, na vijana watakaokuja hawatakupa karatasi ya kusema umeridhika. Utatia sahihi ya kupokea mzigo tu.

Ombi langu moja, na ni la usalama wako. Friza mbovu isiwashwe tena, na asije fundi wa mtaani kuiongezea gesi. Kibandiko cha nyuma kinaonyesha gesi yake ni R600a, ambayo inashika moto. Jiko lako la kukaangia liko karibu. Iache nje ya plagi, na kibanda kipate hewa, hadi tuje kuichukua.

Fundi wa kwanza ataacha kutoka peke yake hadi apitie kazi upya chini ya mwenzake, na kuanzia sasa hakuna fundi wetu anayeandika "umeme" bila kuandika volti alizopima. Vilevile hakuna fundi wetu anayemtoza mteja aliye ndani ya waranti.

Nitakupigia leo saa kumi jioni, pikapu ikiondoka Luthuli, nikupe namba ya dereva. Ikifika saa kumi na mbili na nusu na hujaona mtu wala pesa, nipigie kwa namba hii ninayokuandikia. Ni simu yangu mwenyewe.

Mutua
Meneja wa duka, Luthuli Avenyu