YAH: Kiasi cha klorini ya maji cha kutia bwawani

Kwako Bibi mwenye nyumba,

Salamu kwa heshima. Uliniuliza kama unaweza kumimina bwawani dumu zima la lita 5 wakati nitakapokuwa likizo. Naomba usifanye hivyo, kwa sababu dawa iliyoletwa safari hii ina nguvu ya asilimia 10, ilhali ile tuliyozoea ilikuwa ya asilimia 5, na dumu zima lingepandisha klorini hadi karibu miligramu 8 kwa lita.

Bwawa lina urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5, yaani lita 75,000 za maji. Leo asubuhi nimepima klorini huru nikapata miligramu 1 kwa lita, nasi tunataka 3. Kupandisha miligramu 2 katika kila lita ya maji hayo kunahitaji gramu 150 za klorini, na kwa kuwa lita moja ya dawa hii mpya ina takribani gramu 100, kipimo chake ni lita moja na nusu. Kwa dawa ya zamani zingehitajika lita 3. Ukikuta kipimo kingine, hesabu ni rahisi: kila miligramu 1 unayotaka kuongeza ni robo tatu ya lita ya dawa mpya.

Tafadhali itie jioni, jua likishatua, maana mwanga wa jua huiharibu klorini upesi. Washa pampu kwanza, kisha imimine taratibu mbele ya tundu linalorudisha maji bwawani, ukiwa umevaa glavu na miwani, na uiache pampu izunguke kwa saa kadhaa kabla ya kupima tena. Dawa hii hupungua nguvu ikikaa, hasa penye joto. Kwa hiyo kipimo cha pili kikiwa bado chini ya 3, ongeza nusu lita tu, upime upya. Ni heri kuongeza mara mbili kuliko kungoja siku nzima klorini iliyozidi ishuke.

Kabla ya yote, angalia pH iwe kati ya 7.2 na 7.8, kwa sababu ikipanda sana klorini hufanya kazi kwa udhaifu hata kipimo kikionyesha 3. Kama italazimu kuishusha kwa asidi, ifanye kazi hiyo siku nyingine, na usitumie ndoo wala kikombe kilekile: asidi ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu. Madumu ya asidi nimeyahamishia kabati la nje, na ufunguo wake uko kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha pampu.

Wako mtiifu,
Mtunzaji wa bwawa