3.4 Kutafsiri na kujaribu dodoso

Tulitumia Kipimo cha Edinburgh cha Sonona Baada ya Kujifungua, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1987. Kina vipengele 10 vinavyohusu siku 7 zilizopita. Kila kipengele hupata alama 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 30.

Watafsiri wawili, muuguzi mkunga na mwalimu wa Kiswahili, walitafsiri kila mmoja peke yake. Mtafiti aliketi nao wakaunganisha tafsiri hizo kuwa moja. Mtafsiri wa tatu, ambaye hakuwa ameliona dodoso la asili, aliirudisha kwa Kiingereza. Kisha kamati ya watu watano, akiwemo daktari wa afya ya akili na mama aliyewahi kuugua sonona, ililinganisha matini zote neno kwa neno.

Kipengele cha 6 ndicho kilichotuchukulia muda mrefu zaidi. Kiingereza chake ni nahau ya mambo kumpanda mtu juu, na kwa Kiswahili picha hiyo haina maana. Tafsiri ya kwanza, "mambo yamenishinda", ilirudi ikiwa na maana ya kukata tamaa kabisa, hali nzito kuliko ile ya asili. Kamati ilichagua "nimekuwa nikielemewa na mambo".

Majaribio yalifanyika kwa mama 24 waliokuja kliniki ya watoto katika vituo viwili vya afya wilayani Muheza, Tanga. Wasiosoma walisomewa faraghani. Baada ya kila kipengele mama aliombwa aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Hatukuwauliza tu kama wameelewa, kwa kuwa wengi wangeitikia "ndiyo" kwa heshima.

Hapo ndipo makosa yaliyoipita kamati yalipoonekana. Katika kipengele cha 5 tuliandika "hofu au kiherehere", tukikusudia moyo kwenda mbio. Mama kadhaa walidhani wanaulizwa kama wanajipendekeza au kuingilia yasiyowahusu. Tuliweka "hofu au kushtukashtuka". Kipengele cha 7, kuhusu kukosa usingizi, wengi walikijibu kwa kumfikiria mtoto anayelia usiku, basi tulitanguliza chanzo: "Kwa sababu ya kukosa furaha, nimepata shida kulala." Kwa "siku 7 zilizopita", baadhi walihesabu tangu kujifungua. Msaili alielekezwa aitaje siku yenyewe, kwa mfano "tangu Jumatano iliyopita".

Kipengele cha 10, kuhusu wazo la kujidhuru, hatukukilainisha, ingawa wasaili wawili waliomba tufanye hivyo. Swali la kuzungukazunguka lingemwacha mama mwenye hatari bila kutambuliwa. Aliyetoa jibu lolote isipokuwa "hapana kabisa" alionwa na muuguzi siku hiyohiyo kabla ya kuondoka kituoni.

Vipengele vilivyorekebishwa vilirudishwa tena kwa Kiingereza, kisha vikajaribiwa kwa mama wengine 8, na hakuna aliyevielewa tofauti na tulivyokusudia. Mama wote 32 wa majaribio hawakuingizwa katika utafiti mkuu.