Mraba, Tufe na Macho Mapya

ZUHURA: Kesho tunasimama mbele ya darasa na bado hatujaelewana. Mimi nasema maarifa yanatokana na akili.

BARAKA: Na mimi nasema yanatokana na uzoefu. Mtu huzaliwa hajui kitu, na kila anachokuja kukijua huanzia kwenye milango ya fahamu. Mwanafalsafa Locke alishalimaliza hilo.

ZUHURA: Haya, chora mraba wenye upande wa sentimita 2. Eneo lake?

BARAKA: 4.

ZUHURA: Nataka wenye eneo la 8. Upande wake uwe ngapi?

BARAKA: 4. Hapana, huo unatoa 16. Basi 3… unatoa 9. Ngoja kwanza.

ZUHURA: Piga mstari kutoka kona hadi kona. Juu ya mstari huo jenga mraba mwingine.

BARAKA: Ule wa kwanza umegawanyika pembetatu 2. Huu mpya unazo 4 kama zile. Ni 8!

ZUHURA: Katika maandishi ya mwanafalsafa Plato, mwalimu wake Sokrate anamhoji hivyo hivyo mtumwa ambaye hajawahi kufundishwa jiometri, naye analifikia jibu.

BARAKA: Baada ya kuonyeshwa ulalo! Hata mimi umenitajia wewe, tena nimeuona kwenye karatasi.

ZUHURA: Umeona mraba mmoja, na samahani, umepinda. Mbona una hakika kuwa ni hivyo kwa miraba yote? Jicho lilikuonyesha huo tu. Halikukuonyesha “lazima”.

BARAKA: Kwenye hesabu nakuachia. Njoo kwenye vitu vyenyewe. Rafiki yake Locke, Molyneux, alimwuliza hivi: mtu aliyezaliwa haoni anatofautisha tufe na mchemraba kwa kugusa. Akipata kuona, atavitambua kwa macho peke yake?

ZUHURA: Kwa nini asivitambue? Mchemraba una kona, tufe halina. Akili itaunganisha.

BARAKA: Locke na Molyneux wote wawili walijibu kuwa hataweza. Mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya watoto wa India waliozaliwa hawaoni kisha wakatibiwa. Mara tu baada ya upasuaji, kitu walichokigusa walishindwa kukichagua kwa macho.

ZUHURA: Na baadaye?

BARAKA: Baadaye… waliopimwa tena waliweza. Wengine baada ya siku chache tu.

ZUHURA: Ehee! Hiyo ndiyo uliyotaka kuificha. Macho yanaleta rangi na mwanga, mikono inaleta ugumu na ncha. Nani aliyewaambia kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja?

BARAKA: Mazoea. Unagusa huku unatazama, mara mia, mara elfu, mpaka viambatane. Mwanafalsafa Hume angekujibu hivyo.

ZUHURA: Na hicho kinachoambatanisha kimetoka wapi? Nacho walikigusa?

BARAKA: Sawa, tuseme kilikuwamo tangu kuzaliwa. Kilijua nini kabla ya kuona na kugusa? Niletee mtu ambaye hajawahi kuhisi chochote, tumwulize.

ZUHURA: Hayupo.

BARAKA: Basi hatuwezi kujua.

ZUHURA: Kwa kumwuliza, hatuwezi.