Tafsiri ya Ankara na Hati ya Shehena: Vigae kutoka Valencia kwenda Dar es Salaam

Ankara ya Biashara Namba 2025/0318, tarehe 12 Machi 2025

Muuzaji, mtengenezaji wa vigae wa Onda, mkoani Castellón, Hispania, amemuuzia mnunuzi, mwagizaji wa vifaa vya ujenzi wa Kariakoo, Dar es Salaam, vigae vya porselini vya sakafu vya sentimita 60 kwa 60, vyenye ufyonzaji wa maji usiozidi asilimia 0.5, namba ya ushuru 6907.21, asili yake Hispania. Mzigo ni maboksi 960 katika paleti 24, sawa na meta za mraba 1,036.80, kwa yuro 8.50 kila meta ya mraba, FOB Valencia, Incoterms 2020. Jumla ni yuro 8,812.80. Uzito halisi ni kilo 21,772.80 na uzito wa jumla kilo 22,300.80. Asilimia 30 imelipwa kabla. Salio litalipwa mnunuzi akipokea nakala ya hati ya shehena.

Hati ya Shehena

Mtuma shehena ni muuzaji, na mzigo utakabidhiwa kwa amri yake. Wa kujulishwa ni mnunuzi. Kontena moja la futi 20, namba VDSU 418207-2, lakiri namba 0471836, linasemwa kuwa na paleti 24 za vigae, zilizopakiwa, kuhesabiwa na kufungwa lakiri na mtuma shehena mwenyewe. Limepakiwa melini Valencia tarehe 21 Machi 2025 bila dosari iliyoandikwa, na litashushwa Dar es Salaam. Nauli ya shehena italipwa bandari ya kushushia. Hati asilia ni tatu; moja ikishatumika kuchukulia mzigo, mbili zilizobaki hazina nguvu.

Maelezo ya mtafsiri

Katika ankara asilia jumla imeandikwa 8.812,80, kwa kuwa Wahispania hutenga maelfu kwa nukta na sehemu za desimali kwa mkato. Nimegeuza alama, si kiasi, na wakala wa forodha asiinakili kutoka asilia bila kuligeuza hilo.

Neno «consignatario» limenisimamisha kuliko yote, maana lipo mara mbili katika hati ya shehena. Katika kisanduku cha juu humaanisha mpokeaji shehena, nacho kinasema «a la orden», yaani kwa amri. Chini, «consignatario del buque» ni wakala wa meli, ambaye hana haki yoyote juu ya vigae. Kwa sababu hati ni ya amri, muuzaji lazima aiidhinishe kwa saini nyuma yake kabla mnunuzi hajaweza kudai kontena.

«Dice contener» nimeitafsiri «linasemwa kuwa na», wala si «lina», kwa sababu mchukuzi hakuhesabu chochote ndani ya kontena.

Kwa kuwa bei ni FOB, yaani haina nauli ya meli wala bima ya safari, yuro 8,812.80 bado si thamani ya forodha: Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza ushuru baada ya kujumlisha nauli na bima hadi bandari ya kuingilia, kwa hiyo risiti za gharama hizo ziambatishwe na tafsiri hii.